Miamala ya simu iingie yenyewe kwenye lahajedwali kila jioni: Apps Script, Power Query au Python?

Mwenye duka dogo anayepokea malipo kwa simu huishia na faili moja kila jioni: taarifa ya miamala ya siku, mara nyingi ya CSV, yenye namba ya muamala, wakati, maelezo, kiasi, hali na salio. Kuifungua, kunakili mistari na kuibandika kwenye daftari la hesabu ni kazi ya dakika kumi. Siku moja ikirukwa, kesho yake huwa dakika ishirini, na kufikia mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka ni siku zipi zilibandikwa mara mbili.

Nitalinganisha njia tatu za kuondoa kazi hiyo mikononi. Ya kwanza ni skripti ya Google Apps Script inayoishi ndani ya Google Sheets. Ya pili ni Power Query, iliyomo ndani ya Excel. Ya tatu ni programu ndogo ya Python inayoamshwa na kompyuta yenyewe. Zote tatu nimezifunga kwenye hesabu za maduka na zote zinafanya kazi. Kinachozitofautisha zaidi ni mambo mawili: faili inaangukia wapi jioni, na saa hiyo kuna kompyuta iliyo macho au hakuna.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno "yenyewe". Kama mtoa huduma wako anakutumia taarifa kwa barua pepe kila siku, mnyororo mzima unaweza kwenda bila mkono wa mtu. Kama lazima uingie kwenye tovuti yake kwa nywila na namba ya siri ya mara moja, basi kupakua faili kunabaki kazi ya binadamu, na otomatiki inaanza pale faili inapotua. Sikushauri kuandika programu ya kuingia kwenye akaunti ya pesa kwa niaba yako. Nywila ya akaunti inayoshika mauzo yako haifai kukaa ndani ya faili la maandishi kwenye kompyuta ya kaunta.

Ufunguo kwanza, chombo baadaye

Kabla ya kuchagua njia, kuna uamuzi mmoja unaozihusu zote, na hapo ndipo nimeona hesabu nyingi zikiharibika: mashine itajuaje kwamba mstari huu imeshauingiza?

Faili za jioni lazima zipishane. Ukipakua saa 3 usiku, malipo ya saa 3 na nusu hayamo. Kesho ukipakua "leo" tu, hayamo tena, na yamepotea kwenye daftari moja kwa moja. Kwa hiyo kila jioni pakua siku tatu za mwisho, si siku moja. Kupishana huko kunaziba mianya, ila kunaleta mistari iliyojirudia, nayo inachujwa kwa ufunguo.

Wengi hutumia namba ya muamala peke yake kuwa ufunguo. Inaonekana sahihi, kwa sababu kila muamala una namba yake. Lakini katika taarifa nyingi, ada ya muamala huandikwa kwenye mstari wake wenyewe chini ya namba ileile. Ukichuja kwa namba tu, mstari wa kwanza unaingia na wa ada unatupwa kana kwamba ni marudio.

Tazama jioni moja. Salio la mwanzo ni 84,250. Wateja 37 wamelipa jumla ya 61,400. Umemlipa msambazaji 70,000, na ada ya malipo hayo ni 345. Hesabu ya mkono ni 84,250 + 61,400 − 70,000 − 345, yaani 75,305, na ndiyo salio linaloonekana kwenye mstari wa mwisho wa taarifa. Daftari lako linasema 75,650. Mwenye duka anakupigia: "Mhasibu, mbona daftari linasema nina pesa nyingi kuliko simu?" Tofauti ni 345, sawasawa na ada, na hiyo ndiyo alama ya kosa hili: daftari linaonyesha zaidi ya salio halisi, na tofauti inakua kila unapolipa mtu au kutoa pesa. Ufunguo unaofaa ni namba ya muamala ukiunganishwa na maelezo na kiasi. Malipo na ada vina namba moja, lakini maelezo na kiasi ni tofauti, kwa hiyo vyote viwili vinaingia.

Jambo la pili ni hali ya muamala. Mstari unaweza kuonekana leo ukiwa bado unasubiri, kesho ukawa umekamilika au umeshindikana. Ukiuingiza leo, kesho ufunguo wake utakuwa umeshakuwepo na toleo jipya litarukwa. Ingiza iliyokamilika tu. Ile inayosubiri itakuja yenyewe kesho au keshokutwa, kwa sababu faili zako zinapishana.

Sasa tuziweke njia zenyewe kando kwa kando.

| | Apps Script | Power Query | Python |
|---|---|---|---|
| Faili inatua | Google Drive au Gmail | folda ya kompyuta | folda ya kompyuta |
| Kompyuta iwe imewashwa | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Kuandika msimbo | kidogo | karibu hakuna | ndiyo |
| Mistari ya zamani | inabaki ilipoandikwa | inajengwa upya kila mara | inabaki kwenye hifadhidata |
| PDF yenye nywila | hapana | hapana | ndiyo |

Apps Script: duka linaloendeshwa kwa simu

Maduka mengi madogo hayana kompyuta inayobaki imewashwa usiku, na mengine hayana kompyuta kabisa. Kwao njia hii haina mshindani, kwa sababu skripti inaendeshwa kwenye seva za Google. Muuzaji anapakua faili kwenye simu, anaituma kwenye folda moja ya Drive, anafunga duka. Taarifa ikija kwa Gmail, hata hatua hiyo haihitajiki, maana skripti inaweza kutafuta barua yenye kiambatisho na kukisoma.

Kiini chake ni kifupi. Hapa safu za faili ni namba, wakati, maelezo, kiasi, hali na salio, kwa mpangilio huo:

```javascript
function jioni() {
  const s = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Miamala');
  const zipo = new Set(s.getRange('A:A').getValues().flat());
  const faili = DriveApp.getFolderById('ID_YA_FOLDA').getFiles();
  const mpya = [];
  while (faili.hasNext()) {
    const csv = faili.next().getBlob().getDataAsString();
    for (const m of Utilities.parseCsv(csv).slice(1)) {
      if (m[4] !== 'Completed') continue;
      m[3] = Number(m[3].replace(/,/g, ''));
      m[5] = Number(m[5].replace(/,/g, ''));
      const k = [m[0], m[2], m[3]].join('|');
      if (zipo.has(k)) continue;
      zipo.add(k);
      mpya.push([k, ...m]);
    }
  }
  if (mpya.length) s.getRange(s.getLastRow() + 1, 1,
    mpya.length, mpya[0].length).setValues(mpya);
}
```

Neno `Completed` libadilishe liwe lile linaloandikwa kwenye taarifa yako. Kisha kwenye ukurasa wa Triggers weka `jioni` iende kila siku. Unachagua kipindi cha saa nzima, si dakika. Ukichagua 21, yaani saa 3 usiku, skripti itaamka wakati wowote kati ya saa 3 na saa 4. Kama muuzaji hupakia faili saa 3 na robo, siku nyingine skripti itakuwa imeshapita na haitalalamika, kwa sababu folda isiyo na faili mpya haihesabiki kuwa kosa. Weka saa 5 usiku, au hata alfajiri. Pia angalia saa za eneo kwenye mipangilio ya mradi wa skripti, maana zinaweza kuwa tofauti na zile za lahajedwali, na hapo "saa 3 usiku" inakuwa ya mahali pengine.

Skripti moja inaruhusiwa kwenda dakika 6 tu, kisha inakatwa. Kwa duka dogo hiyo inatosha, mradi usome na kuandika kwa mkupuo kama hapo juu. Anayeandika mstari mmoja mmoja kwa `appendRow` ataugonga ukuta huo mapema. Faili zinapoanza kurundikana, ongeza hatua ya kuhamisha iliyosomwa kwenda folda nyingine, na hatua hiyo ije baada ya `setValues`, kamwe si kabla. Ukihamisha kwanza na uandishi ukakatika katikati, faili haitasomwa tena.

Mtego unaouma zaidi kwenye Sheets ni kwamba lahajedwali inajifanya kujua kila kitu ni nini. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri. Namba ya muamala yenye tarakimu na herufi E katikati, kama 4821E07, inageuzwa kuwa namba kubwa ya kisayansi na haifanani tena na ile ya kwenye risiti. Ndiyo maana kwenye msimbo nimeunganisha ufunguo kwa alama ya `|`. Maandishi yenye alama hiyo hayawezi kudhaniwa kuwa namba, kwa hiyo safu ya A inabaki salama. Safu ya namba ya muamala na ile yenye simu zifanye Plain text kabla ya kuingiza chochote. Baadaye umeshachelewa, kwa sababu sifuri iliyopotea hairudi kwa kubadilisha muundo wa seli.

Na tafadhali, folda hiyo ina majina na namba za simu za wateja wako. Ishirikishe kwa watu unaowataja mmoja mmoja, si kwa kila mwenye kiungo.

Power Query: Excel iliyozoeleka, na kitu kimoja cha kuogopa

Kama mhasibu wako tayari anafanya kazi kwenye Excel ya kompyuta, Power Query ndiyo rahisi kuanza nayo. Nenda Data, kisha Get Data, From File, From Folder, uonyeshe folda, na Excel itaunganisha faili zote zilizomo kuwa jedwali moja. Hatua za kusafisha unazifanya kwa kubofya: chuja hali iliyokamilika, chagua safu tatu za ufunguo, kisha Remove Duplicates. Hatua zinahifadhiwa na zinarudiwa zenyewe kila unaposasisha.

Ubora wake mkubwa ni tarehe. Kwenye safu ya wakati unachagua Change Type, Using Locale, na kuiambia wazi kwamba tarehe za faili hii zinaanza na siku. Usipofanya hivyo, 04/03 inaweza kusomwa kuwa mwezi wa nne tarehe tatu. Kosa hili linajificha hadi katikati ya mwezi, kwa sababu tarehe 1 hadi 12 zinapinduliwa kimyakimya, ilhali kuanzia tarehe 13 hakuna mwezi wa namba hiyo na mstari unatoa Error. Ukiona mauzo ya nusu ya kwanza ya mwezi yametawanyika miezi yote ya mwaka, umeshalipata. Kwenye Sheets tatizo ni hilohilo, ila zile za kuanzia 13 zinabaki maandishi, na utaziona zimejipanga kushoto mwa seli wakati tarehe halisi hukaa kulia.

Cha kuogopa ni hiki. Power Query haiongezi mistari kwenye jedwali. Kila mara inalijenga upya kutoka kwenye faili zilizomo kwenye folda. Ukifuta faili za mwezi uliopita ili kupunguza msongamano, mauzo ya mwezi uliopita yanatoweka kwenye daftari. Na ukiandika kwa mkono kando ya jedwali, "huyu bado anadai chenji" au "haya ni ya mkopo wa juzi", maneno yako yanaweza kubaki kwenye mstari wa tano wakati muamala wenyewe umesogea mstari wa tisa. Niliwahi kukuta daftari ambalo maelezo ya madeni yalikuwa yamehama hivyo kwa wiki kadhaa, na tulilazimika kuwapigia wateja mmoja mmoja kuuliza nani amelipa nini. Ukichagua njia hii, faili za CSV ndizo daftari lako halisi: zitunze zote, ziwe na nakala mahali pengine. Maelezo ya mkono yaandike kwenye jedwali tofauti lenye namba ya muamala, kisha uyaunganishe kwa namba hiyo.

Kuhusu jioni, Excel haiamki yenyewe. Chaguo la kusasisha kila baada ya dakika kadhaa linafanya kazi wakati kitabu kimefunguliwa tu. Ili kiende peke yake unahitaji Task Scheduler ya Windows na skripti hii:

```powershell
$x = New-Object -ComObject Excel.Application
$k = $x.Workbooks.Open('C:\Duka\hesabu.xlsx')
$k.RefreshAll()
$x.CalculateUntilAsyncQueriesDone()
$k.Save(); $k.Close(); $x.Quit()
```

Mstari wa nne usiuache. Bila huo, Excel inaweza kuhifadhi na kufunga kabla data haijamaliza kuingia, na asubuhi utaona daftari la jana lenye saa ya jana usiku. Kompyuta iwe imewashwa, mtumiaji awe ameingia, na kitabu kisiwe wazi mahali pengine. Masharti haya matatu kwa pamoja, kila jioni, ndiyo yanayoiangusha njia hii kwenye maduka. Mwenyewe naona afadhali kuiacha Excel ijisasishe inapofunguliwa asubuhi, kwa chaguo la Refresh data when opening the file. Unapoteza "jioni", lakini hupotezi mstari wowote.

Python: pale taarifa inapokuja kwa sura ngumu

Sitakaa sana hapa, kwa sababu wanaoihitaji ni wachache, na hao wachache huwa wanaihitaji kweli. Kuna watoa huduma ambao taarifa yao ni PDF iliyofungwa kwa nywila. Apps Script haina namna ya kuifungua, na Power Query vilevile inakwama kwenye nywila. Python inaifungua kwa maktaba kama `pdfplumber`, ambayo inapokea nywila na kutoa majedwali yaliyomo. Sababu nyingine ni duka lenye mitandao miwili au mitatu ya malipo, kila mmoja ukiwa na mpangilio wake wa safu, na unataka yote yaingie daftari moja.

Kwa njia hii, usiandike moja kwa moja kwenye Excel. Weka miamala kwenye hifadhidata ya SQLite, ambayo ni faili moja tu, na ufunguo wetu uwe sheria ya jedwali lenyewe:

```sql
CREATE TABLE miamala (
  namba TEXT, wakati TEXT, maelezo TEXT, kiasi REAL, salio REAL,
  PRIMARY KEY (namba, maelezo, kiasi)
);
INSERT OR IGNORE INTO miamala VALUES (?, ?, ?, ?, ?);
```

Mstari uliojirudia unakataliwa na hifadhidata yenyewe, hata kama programu yako ina kasoro. Kisha programu inatoa faili jipya la Excel kutoka humo. Faili hilo litoke na jina lenye tarehe, kwa sababu kwenye Windows mhasibu akiwa amelifungua, Python haiwezi kuandika juu yake na itasimama kwa `PermissionError`. Kwenye Linux ratiba ni `30 21 * * *` ya cron, ila cron hairudii kazi iliyopitwa kompyuta ikiwa imezimwa. Task Scheduler ina chaguo la kuendesha kazi mara tu baada ya muda uliokosekana. Liweke alama.

Gharama yake halisi ni mtu. Mtoa huduma akibadilisha mpangilio wa PDF, nani atarekebisha? Kama jibu ni kijana aliyekuandikia na sasa hapatikani, chagua njia nyingine.

Kwa hiyo uchague ipi

Duka la simu tu, au ambalo kompyuta yake huzimwa jioni: Apps Script, bila kusita. Duka lenye mhasibu wa Excel na faili safi za CSV: Power Query, ikisasishwa asubuhi, na folda isiyofutwa kitu. PDF yenye nywila au mitandao kadhaa, na kuna mtu wa kuitunza: Python. Anayejikuta katikati namshauri Apps Script, kwa sababu moja: skripti ikishindwa, Google inamtumia mwenye skripti barua pepe ya kushindwa. Zile nyingine mbili zinashindwa kimya mpaka uende kutazama.

Barua hiyo hata hivyo haitakuambia kwamba faili haikupakiwa. Kwa hilo, weka juu ya daftari seli mbili, kwa njia yoyote uliyochagua. Moja ionyeshe wakati wa muamala wa mwisho ulioingia. Kwenye Google Sheets, wakati ukiwa safu ya C, ni:

```
=MAX(Miamala!C2:C)
```

Ya pili ni salio la mwanzo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, kisha linganisha na salio la mstari wa mwisho wa taarifa. Taarifa nyingine huweka pesa zinazotoka kwa alama ya kutoa, nyingine kwenye safu yake, kwa hiyo tazama yako kabla ya kuandika fomula. Linganisha na salio la mstari wa mwisho ulioingia, si la kwenye simu wakati huo, maana mteja anaweza kuwa amelipa dakika mbili zilizopita. Seli ya kwanza ikibaki na tarehe ya juzi, faili haijaja. Ya pili isipokuwa sifuri, angalia tofauti ni kiasi gani. Ikilingana na ada, ni ufunguo. Ikilingana na mauzo ya mteja mmoja, kuna mwanya au marudio.

Kabla ya kuiamini, fanya majaribio mawili kwa faili ya siku moja uliyoihesabu kwa mkono. Iweke kwenye folda, endesha, hesabu mistari. Kisha weka nakala yake yenye jina jingine, endesha tena. Idadi ya mistari isibadilike hata kwa mmoja. Jaribio la pili, weka faili ya siku tatu inayoanza siku hiyohiyo: iongezeke mistari ya siku mbili mpya, pamoja na ile ya usiku wa siku ya kwanza ambayo faili ya awali haikuwahi kuiona.